Ukurasa Huu Unajibu Swali Gani? Kusoma kwa Kuandika Maswali Pambizoni

Ukurasa ni ule ule, wasomaji ni wawili. Unaeleza habari za nyumba ya maskini iliyokuwa Poland Street, London, wakati wa mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854. Msomaji wa kwanza ameandika pambizoni: "Nini kilitokea katika nyumba ya maskini?" Wa pili ameandika: "Kama kisima cha Broad Street ndicho kilichoua mtaa, mbona nyumba hii iliyozungukwa na vifo imepoteza watu watano tu kati ya 535?"

Wote wawili wameweka alama ya kuuliza, lakini aliyeuliza ni mmoja. Swali la kwanza ni kichwa cha habari kilichobandikwa alama mwishoni. Huwezi kulijibu ila kwa kuusimulia ukurasa wote, na ukilikuta tena baada ya miezi mitatu halitakuambia kwa nini mwandishi alijisumbua kuuandika. La pili linakuonyesha hoja imefika wapi, kipi kimekwisha kukubaliwa na kipi kinaweza kuiangusha. Ukiweza kulijibu, ukurasa umekurudia kichwani. Ukishindwa, unajua pa kurudi.

Makala haya ni juu ya kuandika maswali ya aina hiyo ya pili, ukurasa kwa ukurasa, mpaka andiko refu ligeuke kuwa mfululizo wa maswali ambayo kila moja limezaliwa na jibu lililotangulia. Watu huita njia hii ya Sokrate, na jina linafaa, ila kuna jambo moja la kuliweka sawa kabla hatujaendelea.

Mfano unaotajwa sana umo katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno. Sokrate anamwita kijana mtumwa, anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba, kisha anamtaka achore mraba wenye eneo maradufu. Kijana anajibu haraka kwamba upande nao uwe maradufu, futi 4. Sokrate hamkemei. Anamfanya ahesabu, na hesabu inaleta 16 badala ya 8. Kijana anajaribu 3, inakuja 9. Sasa amekwama, na anakiri kwamba hajui. Hapo ndipo mshazari wa mraba wa kwanza unapoingia, na ndio upande wa mraba anaoutafuta.

Ukiyasoma yale mazungumzo kwa makini utaona kwamba maswali mengi ya Sokrate ni ya kujibiwa "ndiyo" au "siyo", na mengine yamebeba jibu mgongoni. Kwa hiyo sioni sababu ya kuiga sura ya maswali yake. Ninachochukua kwake ni mambo mawili. Swali linatoka kwenye jibu lililokwisha kutolewa, si kwenye orodha iliyoandaliwa pembeni. Na jibu lenye kosa linapewa nafasi ya kuonyesha matokeo yake kabla halijatupwa. Zile 16 na zile 9 ni sehemu ya somo. Msomaji anayeandika pambizoni "mshazari" peke yake amehifadhi jibu na kupoteza sababu ya kulihitaji.

Mwanafalsafa Mwingereza Collingwood, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1939, alieleza wazo la karibu na hili: huwezi kujua mtu alimaanisha nini kwa kuitazama kauli yake tu, bila kujua ilikuwa inajibu swali gani. Sentensi mbili zinaweza kuonekana zinapingana kumbe kila moja inajibu swali lake. Kazi ya pambizoni ni kulirudisha swali ambalo mwandishi hakuliandika kwa sababu yeye alikuwa nalo kichwani muda wote.

Nitatumia andiko moja mpaka mwisho: taarifa ya daktari John Snow kuhusu namna kipindupindu kinavyosambaa, toleo la pili, la mwaka 1855. Lina kurasa zaidi ya 150, hoja yake ni moja, na karibu kila kipande chake kimewekwa pale kwa sababu mpinzani fulani alikuwa akisubiri. Ni vigumu kupata andiko bora zaidi la kujifunzia kazi hii. Lina faida nyingine pia: watu wengi wanadhani wanajua linasema nini.

Kwanza vifaa. Chapa au nakili andiko lenye pambizo ya karibu theluthi moja ya ukurasa upande mmoja. Kitabu kisichoruhusu hivyo, kata vipande vya karatasi vyenye urefu wa ukurasa na uvibanie ndani, kila kimoja na namba yake. Tumia penseli, kwa sababu nusu ya maswali yatafutwa. Sina ugomvi na kalamu za kupakia rangi maandishi, ila rangi inakuambia tu kwamba hapa palikuvutia. Haikuambii palijibu nini.

Pili, usiandike swali unaposoma mara ya kwanza. Soma sehemu nzima, kurasa tano au kumi, mpaka uone hoja inakoelekea. Kisha rudi mwanzoni mwa sehemu, na kwa kila ukurasa andika jibu kwanza: sentensi moja, kwa maneno yako, ya kile ambacho ukurasa umeongeza. Iandike chini kabisa ya pambizo. Halafu jiulize: ni nani, baada ya kusoma ukurasa uliotangulia, angehitaji kuambiwa hivi? Angekuwa ameuliza nini? Liandike hilo juu ya pambizo. Mwenye kuanza na swali huishia kuuliza kile anachotaka yeye kujua. Mwenye kuanza na jibu analazimika kutafuta swali linalolingana nalo, na hapo ndipo anapogundua kwamba hakuwa ameelewa ukurasa ni wa nini.

Ukiona huwezi kuandika sentensi ya jibu, usilazimishe. Ama ukurasa haujibu kitu, na zipo kurasa za hivyo, ama haujaisha, yaani jibu linavuka kwenda ukurasa unaofuata. Katika hali hiyo chora mshale unaoshuka na uendelee.

Tuingie sasa katika mlipuko wenyewe. Snow anaanza kwa kueleza kwamba eneo dogo kuzunguka makutano ya Broad Street na Cambridge Street lilipata vifo zaidi ya 500 kwa siku kumi. Alikishuku kisima cha pampu ya Broad Street, akaenda ofisi ya usajili wa vifo, akaomba orodha ya waliokufa kwa kipindupindu katika juma lililoishia tarehe 2 Septemba. Walikuwa 89, na kati yao 83 walikufa katika siku tatu za mwisho. Hao 83 ndio anaoshughulika nao.

Sentensi yangu ya jibu hapa ni: "Vifo 83 vimefuatana ghafla, na karibu vyote viko jirani na pampu." Swali lililozaa sentensi hiyo ni: "Je, vifo vimetapakaa ovyo, au vina kitovu?" Ni swali zuri kwa sababu lingeweza kujibiwa vingine. Kama vifo vingetapakaa sawasawa, taarifa ingeishia pale. Kipimo hiki nakitumia kila mara: swali ambalo haliwezi kupata jibu la kumkera mwandishi si swali, ni utangulizi.

Sasa angalia kinachofuata. Kati ya wale 83, kumi walikufa katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Msomaji wa vichwa vya habari ataandika "Vifo kumi vya mbali". Lakini msomaji aliyekubali hatua ya kwanza, kwamba vifo vina kitovu na kitovu ni pampu hii, ana haki ya kushtuka: "Kama ni pampu hii, hao kumi waliokuwa karibu na pampu nyingine wameuawa na nini?" Na hilo hasa ndilo Snow analolijibu. Katika vifo vitano, familia zilimwambia kwamba siku zote zilituma watu kuchota Broad Street kwa kuwa waliyapenda zaidi maji yake. Vingine vitatu vilikuwa vya watoto waliosoma shule iliyo jirani na pampu. Viwili vilivyobaki anaviona kama vifo vya kawaida vya kipindupindu ambavyo vilikuwepo hata kabla ya mlipuko.

Bado wapo 73 waliokuwa upande wa pampu yenyewe. Swali: "Kuishi karibu na pampu ni jambo moja, kunywa ni jingine. Je, walikunywa?" Jibu la ukurasa: 61 walijulikana kuwa walikunywa, sita hawakunywa kadiri ilivyojulikana, na sita hazikupatikana habari zao. Ninaandika namba hizo tatu katika sentensi yangu ya jibu kama zilivyo. Wale sita wasiokunywa wasifichwe, kwa sababu wao ndio swali la ukurasa mwingine, na pia ndio wanaonionyesha kwamba mwandishi anahesabu hata kile kisichomsaidia.

Maswali matatu, na ukiyafunika majibu unaweza kuijenga hoja upya: kuna kitovu? Wa nje ya kitovu je? Wa ndani ya kitovu walikunywa? Mtu ambaye hajalisoma andiko anaweza kuyasoma haya matatu kwa mpangilio na kukisia la tatu akiwa amesikia la pili. Huo nao ni mtihani wa kazi. Mpe mwenzako maswali yako ya kurasa nne bila majibu, na umsikilize. Akisema "mbona hili limeruka?", basi kati ya kurasa hizo kuna swali hukuliona.

Nyumba ya maskini tumekwisha kuigusa. Jibu la ukurasa ni kwamba ilikuwa na kisima chake ndani ya uwanja, pamoja na maji ya kampuni, na wakazi wake hawakutuma mtu Broad Street. Snow anakadiria kwamba kama wangekufa kwa kiwango cha mitaa iliyowazunguka, wangepotea zaidi ya mia moja. Kiwanda cha bia kilichokuwa Broad Street penyewe kinafuata kwa swali lile lile: zaidi ya wafanyakazi 70, hakuna aliyekufa. Walikuwa wakipewa bia, na kiwandani kulikuwa na kisima kirefu. Hapo sikuandika swali jipya. Niliandika "kama juu" na kuchora mstari. Kurasa mbili zinazojibu swali moja zinastahili swali moja, na kuzibunia mawili tofauti ili kila ukurasa uwe na lake ni kujidanganya kuhusu umbo la hoja.

Mpaka hapa maswali yote yametoka kwa msomaji ambaye yuko tayari kusadiki. Mtindo wa Sokrate unadai pia lile jibu la kijana lenye kosa, zile 16, na katika taarifa hii jibu hilo lina jina. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa hubebwa na hewa chafu, harufu ya uozo na mifereji. Kwa hiyo pambizo yangu ina safu nyembamba upande wa nje, na juu yake nimeandika "jibu la upande wa pili". Kwenye ukurasa wa nyumba ya maskini safu hiyo inasema: "Hewa: basi hawa walivuta hewa ile ile na kupona." Kwenye ukurasa wa vifo 83 inasema: "Hewa: bado inawezekana, hewa nayo ina kitovu." Maneno ya pili ni ya maana kama ya kwanza, kwa kuwa yananiambia ukurasa ule haukumshinda mpinzani hata kidogo. Kitovu peke yake hakitofautishi maji na harufu.

Safu hiyo ndiyo inayokufanya uuone uzito wa kisa cha mjane. Mama huyo alikuwa amehama mtaa ule, akiishi upande wa Hampstead, na hakuwa amefika Broad Street kwa miezi mingi. Lakini aliyapenda maji ya pampu ile, na mkokoteni ulimpelekea chupa kila siku. Maji yaliyochotwa Alhamisi tarehe 31 Agosti aliyanywa jioni ile na kesho yake. Jumamosi alikuwa amekufa kwa kipindupindu. Mpwa wake aliyemtembelea aliyanywa pia, akarudi kwake Islington, naye akafa. Mahali pote pawili hapakuwa na kipindupindu wakati huo.

Anayesoma bila maswali hukiona kisa hiki kama simulizi la kusikitisha lililotiwa ili kumpumzisha msomaji baada ya namba. Anayesoma akiwa na safu ya upande wa pili anajua kwamba hapa ndipo swali lililobaki wazi kurasa kadhaa nyuma linapojibiwa: "Je, yuko mtu aliyekunywa maji bila kuvuta hewa ya mtaa?" Nyumba ya maskini ilitupa watu waliovuta hewa bila kunywa, na mjane anatupa kinyume chake. Kwenye ukurasa wa vifo 83, penye ule mstari "bado inawezekana", nikarudi kuongeza namba ya ukurasa wa mjane. Kurudi nyuma kwa namna hii ni sehemu ya kazi yenyewe. Swali linaandikwa pale linapozaliwa, hata kama jibu liko mbali, na linabaki deni mpaka ukurasa wa kulilipa upatikane.

Sasa ukurasa ambao nauona kuwa ndio unaolipa gharama yote ya njia hii. Watu wengi wanajua kwamba Snow aliondoa mpini wa pampu na mlipuko ukakoma. Ukienda na habari hiyo kichwani, swali litajiandika lenyewe: "Kuondolewa kwa mpini kulisimamishaje mlipuko?" Utaandika, utatabasamu, utafungua ukurasa unaofuata.

Lakini kanuni ni jibu kwanza. Ukijaribu kuandika sentensi ya kile ambacho ukurasa wenyewe unasema, inatoka tofauti. Snow alizungumza na viongozi wa parokia jioni ya Alhamisi tarehe 7 Septemba, na mpini ukaondolewa kesho yake. Halafu anaeleza kwamba vifo vilikuwa vimepungua sana kwa sababu watu walikuwa wameukimbia mtaa, na kwamba mashambulizi ya ugonjwa yalikuwa yamepungua kiasi hicho kabla ya maji kuzuiwa hata haiwezekani kuamua kama kisima kilikuwa bado na sumu ya kipindupindu au maji yalikuwa yamekwisha kuwa safi kwa sababu nyingine.

Sentensi ya jibu ni hii basi: "Haiwezi kuamuliwa." Na swali linalolingana nayo ni: "Je, kuzuia maji kunathibitisha kwamba maji yalikuwa chanzo?" Mwandishi anasema hapana, si kwa ushahidi huu. Hoja yake haitegemei mpini hata chembe. Inategemea wale 73, wale kumi, nyumba ya maskini na mjane. Swali la "kulisimamishaje" lilikuwa limebeba jibu ndani yake, na jibu hilo halimo ukurasani. Ishara ya kosa la namna hii ni kwamba swali lako na sentensi yako vikisomwa pamoja haviungani: mmoja anauliza "vipi", mwingine anajibu "haijulikani kama". Ukiona hivyo, futa swali, usiguse sentensi.

Kuna kurasa zinazoacha deni bila kulilipa kabisa, na hizo zinahitaji alama yake. Baada ya yote, msomaji mwenye akili atauliza: "Uchafu uliingiaje kisimani?" Snow analikabili swali hilo na kusema wazi kwamba alielezwa na msimamizi wa kazi kuwa hapakuonekana tundu wala ufa katika matofali ya kisima, na kwa hiyo upande huo haukuthibitika kwa ushahidi wa macho. Pambizoni naandika swali, na mahali pa jibu naandika "haijibiwi hapa". Mbele nafasi inaachwa wazi. Uchimbaji wa baadaye, mwaka 1855, ulionyesha kwamba shimo la maji machafu la nyumba namba 40 Broad Street, lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, lilikuwa likivuja. Kasisi Henry Whitehead alikuwa amekifuatilia kifo cha mtoto mchanga katika nyumba ile. Hayo hayamo katika andiko la Snow, na msomaji anayeyajua atashawishika kuyajaza kwenye ile nafasi. Asifanye hivyo kwa penseli ile ile. Pambizo inarekodi kile ukurasa unachojibu. Ulichokipata kwingine kiandikwe kando na chanzo chake, la sivyo baada ya mwaka hutajua nani alisema nini.

Majedwali yana ugumu wake. Mtu hutazama jedwali na kuandika "Jedwali linaonyesha nini?", na hilo ni sawa na kutoandika kitu. Sehemu ya baadaye ya taarifa ina jedwali maarufu la kampuni mbili za maji za kusini mwa London. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota mto Thames ndani ya jiji, penye maji taka. Ya Lambeth ilikuwa imehamisha chanzo chake mwaka 1852 kwenda Thames Ditton, juu zaidi mtoni. Katika majuma saba ya mwanzo ya mlipuko wa 1854, nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza zilipata vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000 hiyo ni 315 dhidi ya 37.

Swali la jedwali hili haliko kwenye jedwali. Liko kurasa kadhaa kabla, pale mpinzani anaposema kwamba wateja wa kampuni mbili huenda wanatofautiana kwa utajiri au kwa mitaa. Kwa hiyo maswali yanapangwa hivi. "Je, tunaweza kupata watu wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa maji?" Jibu: ndiyo, mabomba ya kampuni zote mbili yalipita mitaa ile ile, nyumba hii na ile, tajiri na maskini wakiwa wamechanganyika. "Lakini utajuaje nyumba inanywa ya nani, ikiwa mpangaji mwenyewe hajui?" Jibu la swali hili ni ukurasa wa kemia ambao wasomaji wengi huuruka: maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi karibu mara 40 ya yale ya Lambeth, na nitrati ya fedha ikitiwa ndani ya sampuli, tofauti inaonekana kwa macho. Kisha tu ndipo linakuja la jedwali: "Sasa kwa kuwa wanafanana na tunawajua, vifo vinatofautiana kiasi gani?" Ukurasa wa chumvi ulioonekana kama mchepuko umegeuka kuwa bawaba ya sehemu nzima. Bila huo, 315 na 37 ni namba zisizo na mwenyewe.

Ukimaliza sehemu, yahamishe maswali peke yake kwenye ukurasa mtupu mwishoni, kila moja na namba ya ukurasa unaolijibu. Andiko la Snow lilinipa maswali machache kuliko kurasa, kwa sababu kurasa nyingi za visa vya miji mingine zinajibu swali moja tu: "Je, London ni ya peke yake?" Kisha funika kurasa na ujibu kwa sauti au kwa maandishi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha majaribio kuhusu kusoma tena na kukumbuka bila kutazama. Dakika tano baada ya somo, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio walikuwa mbele. Kwa hiyo usijipime siku ile ile, maana itakudanganya kwamba kusoma tena kungetosha. Rudi baada ya siku kadhaa.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda zaidi: yachanganye maswali na ujaribu kuyarudisha katika mpangilio wake bila kutazama namba. Maswali yanayoweza kukaa popote hayajafungwa kwenye hoja. "Snow alitumia njia gani?" linaweza kukaa ukurasa wowote wa andiko lote, kwa hiyo halifai ukurasa wowote. "Wa nje ya kitovu je?" lina mahali pamoja tu.

Njia hii ni ya polepole, na haifai kila andiko. Maelekezo ya kuunganisha mashine yana hatua, hayana mpinzani. Shairi lina mambo ambayo ukiyageuza kuwa jibu la swali yanakatika. Kitabu cha kiada kilichokusanya ukweli mmoja baada ya mwingine bila kuutolea sababu kitakutolea maswali yasiyoshikana, na kosa halitakuwa lako. Hata katika andiko lenye hoja sifanyi kurasa zote. Nasoma dibaji bila penseli, naruka mafungu ya kurudia, na pambizo zenye maswali huwa ni zile za sehemu ambapo mtu mwenye akili timamu angeweza kukataa.

Anayetaka kuanza achukue zile kurasa za Snow kuanzia mlipuko wa Broad Street hadi mpini wa pampu. Asianze na vichwa vya sura. Aandike sentensi za majibu kwanza, zote, kisha arudi juu na kutafuta swali la kila moja, akianzia na wale kumi.